"Mzigo wa Handeni Uondoke Kesho 10": Mwongozo wa Kumfasiri Bosi

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la kazini Jumatatu moja ya Novemba, saa 5 na dakika 40 usiku: "Mzigo wa Handeni uondoke kesho 10. Wahusika mjipange." Tulikuwa watu tisa katika kundi lile. Saba tukaweka dole gumba, tukalala.

Wakati huo nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya mazao yenye maghala mawili, moja Korogwe mjini na jingine Handeni. Kulipokucha, mtunza ghala wa Korogwe alipakia mifuko ya mbolea iliyokuwa ikisubiriwa na wakulima wa Handeni. Kwake yeye, mzigo wa Handeni ni mzigo unaokwenda Handeni. Fuso ikatoka saa 4 asubuhi. Mwenzake wa Handeni alikuwa na magunia 60 ya mahindi ya kupeleka kwenye mashine ya kusaga Korogwe. Kwake yeye, mzigo wa Handeni ni ule uliolala Handeni, na "10" ni saa kumi jioni, kwa hiyo makuli aliwaita wafike alasiri. Gari lilipoingia na mbolea mchana, hapakuwa na mtu wa kuishusha.

Mahindi ndiyo bosi aliyoyataka, na yatoke saa 4 asubuhi, ambayo simu yake huiandika 10:00. Yalifika Korogwe usiku, mashine imeshafungwa. Gari likalala nje ya geti na mvua ya vuli ikanyesha. Asubuhi tulikuta magunia 11 yameloa chini ya turubai lililotoboka, tukalipa makuli mara mbili na dereva posho ya kulala.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mtu alifanya kazi kwa bidii, ila kila mmoja alifanya kazi aliyojitungia mwenyewe kutokana na ujumbe uleule. Wengi humshauri bosi wa namna hii awe mpole. Upole ni mzuri, lakini hata angeandika "Wapendwa, naomba mzigo wa Handeni uondoke kesho 10, Mungu awabariki", gari lingelala kwenye mvua ileile. Ujumbe ule ulikuwa na matundu matatu, na Kiswahili chetu kina mlango maalumu wa kila tundu.

Tundu la kwanza: kitenzi kisicho na mtu

Kiswahili kina namna nzuri sana ya kumwamuru mtu asiyekuwepo. Ripoti iandaliwe. Mita zisomwe. Mteja apigiwe. Ukisikia kauli ya kutendwa ndani ya agizo, jua mtendaji amefichwa. Wakati mwingine amri hupewa kitu chenyewe: mzigo uondoke, kana kwamba magunia yana miguu. Kisha linakuja neno "wahusika", na hapo kila mtu anamtazama jirani yake.

Dawa yake ni kuanza sentensi kwa jina la mtu mmoja, kisha kitenzi kinachomwelekea yeye: upakie, umpigie, unitumie. Wasaidizi wanaweza kuwa wanne, lakini wa kuulizwa awe mmoja. Kama jina halikujii kalamuni, basi hujaamua nani afanye kazi hiyo, na ukiutuma ujumbe hivyo hivyo unawaachia wengine wakuamulie. Hapa nitaandika vyeo. Wewe kwenye kundi lako andika majina.

Bosi anaandika: "Wateja wa Sindeni wapigiwe leo."

Tuiandike upya: "Karani wa Handeni: wapigie wateja 8 wa Sindeni waliochukua mbegu kwa mkopo. Majina yapo ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni. Mbele ya kila jina andika tarehe aliyoahidi kulipa. Usimpunguzie mtu deni. Anayeomba kupunguziwa, mwambie nitampigia mwenyewe. Nitumie picha ya ukurasa huo leo Jumatano, saa 11 jioni."

Angalia kilichobadilika kuhusu kumaliza. Katika ujumbe wa kwanza karani angeweza kupiga simu nane, zote zisipokelewe, akasema kwa haki kabisa kwamba wamepigiwa. Katika wa pili kazi inaisha ukurasa unapokuwa na tarehe, na aliyekosekana anaonekana kwa nafasi iliyobaki wazi.

Tundu la pili: "ile", "ya" na "i-"

Herufi moja ya Kiswahili inaweza kubeba ghala zima. "Ipelekwe" yaweza kuwa barua, hundi, leseni, pampu, mizani au mifuko yote ya dukani. Na kile kihusishi cha "-a" hakisemi kama kitu kinatoka mahali, kinakwenda mahali, au ni mali ya mahali hapo. Ndicho kilichotuponza na mzigo wa Handeni.

Huku kwetu hata jina la mahali lina mtego. Bosi anaandika: "Ile ya Korogwe ipelekwe halmashauri." Korogwe ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Handeni vilevile. Barua ikipokelewa na kugongwa muhuri katika ofisi isiyohusika, utaambiwa imefika, na kweli imefika. Kosa litajulikana siku utakapoulizia majibu.

Tuiandike upya: "Karani wa Korogwe: peleka barua ya maombi ya leseni ya ghala, nakala mbili, masjala ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Nakala moja igongewe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Usilipe ada yoyote leo. Ukidaiwa, piga picha ya ankara unitumie. Nakala yenye muhuri iwe mezani kwangu Alhamisi, saa 8 mchana."

Mipaka ya kazi ina sehemu tatu: kitu gani, kiasi gani, na mwisho wa ruhusa ya anayetumwa. Hii ya tatu ndiyo husahaulika. Mtu asiyejua anaruhusiwa kuamua nini hufanya moja kati ya mawili: hukupigia simu kila baada ya dakika kumi, au hutoa fedha yako kwa nia njema kabisa. Sentensi moja inayoanza na "usi-" huzuia yote mawili.

Tundu la tatu: saa

Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, simu zetu huhesabu kuanzia usiku wa manane, na sote tunaziandika kwa tarakimu zilezile. "Kesho 10" ni saa 4 asubuhi kwa anayetazama kioo cha simu na ni saa kumi jioni kwa anayetazama jua. Wote wawili wamesoma sawa. Usiiache tarakimu peke yake: ipe wakati wake, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na siku yake kwa jina.

Neno "kesho" nalo lina hatari yake likiandikwa usiku. Lililotumwa Jumatatu saa 5:40 usiku husomwa na wengi Jumanne saa 12 asubuhi, wakati ambapo kesho ni Jumatano. Andika "Jumanne tarehe 12" na ujumbe utabaki na maana ileile hata ukisomwa mchana.

Muda wa mwisho nao haupatikani kwa kukisia. Huhesabiwa kinyumenyume kutoka kwenye mlango utakaofungwa. Mashine yetu ya Korogwe ilikuwa ikiacha kupokea mahindi saa 9 alasiri. Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni kama kilomita 65, na Fuso iliyojaa tuliipa saa mbili, pamoja na kusimama kwenye kizuizi cha ushuru. Kupima na kupakia magunia 60 kwa makuli wanne kulituchukua saa mbili. Kwa hiyo gari likitoka saa 4 asubuhi linafika saa 6 na linabaki na nafasi ya kupasuka tairi. Likitoka saa kumi jioni, hata dereva hodari hawezi kuikuta mashine wazi. Mpokeaji akioneshwa mlango unaofungwa, hugundua mwenyewe pale saa aliyopewa inapokosewa.

Kama wewe ndiye unayetumwa

Bosi wako huenda asibadilike, na si lazima umsubiri. Mwandikie wewe noti ya agizo lake ulivyolielewa, umrudishie: "Shikamoo bosi. Nimeelewa hivi: natoa mahindi magunia 60 kutoka Handeni kwenda mashineni Korogwe, gari litoke Jumanne saa 4 asubuhi. Mbolea ya Korogwe nimeiacha hadi Alhamisi. Nirekebishe nilipokosea." Inafaa kuliko "sijaelewa bosi", kwa sababu inampa kazi ya kusahihisha neno moja tu badala ya kueleza upya. Itume kundini ili mtunza ghala wa pili aione naye. Ila panapohusu fedha au gari kuondoka, ukimya usiuchukue kuwa kibali, mpigie.

Na si kila agizo linahitaji noti. "Funga geti", kwa mlinzi mmoja mwenye geti moja, imetosha. Kukitokea ajali, piga simu kwanza, uandike baadaye. Kipimo changu ni hiki: kama watu wawili wa kundi lako wanaweza kuusoma ujumbe na kwenda njia mbili, andika noti.

Mzigo wa Handeni, ulivyopaswa kuandikwa

Msimu uliofuata tulikaa na bosi tukauandika upya ule ujumbe wa sentensi mbili:

"Mtunza ghala wa Handeni: Jumanne pakia mahindi magunia 60 ya kilo 100, kutoka ghala la Handeni kwenda mashineni Korogwe. Pima unyevu wa kila gunia. Linalozidi asilimia 13.5 libaki, hata kama gari halitajaa. Mbolea haihusiki na safari hii. Anza saa 2 asubuhi. Ikifika saa 3 hujapakia 30, nipigie. Gari litoke saa 4 asubuhi, kwa kuwa mashine inafunga mapokezi saa 9 alasiri. Dereva awe na stakabadhi ya ushuru wa mazao. Likitoka, nitumie idadi ya magunia na picha ya stakabadhi."

Dakika tano baadaye mtunza ghala wa Handeni alijibu, na safari hii hakuweka dole: "Sawa bosi, lakini kipima unyevu kipo Korogwe tangu wiki iliyopita."

Kilipandishwa basi jioni ileile. Mwaka mmoja kabla, ujumbe wa "uondoke kesho 10" haukumpa mtu yeyote nafasi ya kusema "lakini", maana haukuwa na kitu cha kupingwa. Huu ulitaja kipimo, na aliyekikosa akajitokeza mapema, mahindi yakiwa bado ghalani.