Lazima Atakuwa na Bahasha

Mfuko wa koti langu bado unanuka ndizi, na wakwe wa binamu yangu kule Nyamira hawajamaliza kucheka.

Tulikuwa tunapeleka mahari. Baba mdogo, mwenye bahasha, alikuwa bado Kisii mjini akingoja matatu ijae, nami nikatangulia. Nikiwa mlangoni nakung'uta tope la viatu, nikamsikia mzee mmoja akimnong'oneza jirani yake: "Huyu lazima atakuwa na bahasha." Sikuwa nimefungua kinywa. Lakini nimekuja peke yangu, nimevaa koti, tena mfuko umetuna. Mpelelezi angetaka nini zaidi?

Hapo ndipo lugha yetu inaponichanganya na kunifurahisha. Mzee alitumia wakati ujao kwa mtu aliyesimama mbele yake! Ile "-ta-" haikutabiri kesho; ilisema, "Sijaona, ila dalili zanielekeza huku." Kama jambo lenyewe limekwisha kutendeka, kitenzi cha pili huchukua "-me-": atakuwa ameileta. Dalili zikipungua, msemaji hushuka hadi "huenda ameileta". Kusema "ameileta", basi, ni haki ya aliyeiona.

Sasa ondoa hiyo "-ta-" uweke "awe": lazima awe na bahasha. Hapo hakuna kukisia tena, ni sharti. Asiye na bahasha asiingie. Na mvua ikianza kupiga mabati, nani atasikia kama mzee amesema "atakuwa" au "awe"? Jirani alisikia sharti. Akampasia mama aliyekuwa akimimina chai, naye akakitangazia chumba kizima: "Mjumbe ameleta bahasha. Aitoe!" Kwa watu watatu tu, dhana ilikuwa imegeuka amri, kisha habari.

Nikatia mkono mfukoni mbele ya ukoo mzima, nikatoa ndizi mbivu mbili zilizopondeka.

Baba mdogo alipofika na bahasha yake, yule mzee aliitazama, akanitazama mimi, akasema: "Kijana atakuwa ameipunguza."

Wakati wa kurudi, kondakta alituambia gari la mbele "litakuwa limejaa". Lilitupita tupu.

Ningeishia kwenye kicheko, lakini huku kwetu dhana ya namna hiyo haiishii kwenye ndizi. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Tuhuma za aina hii huanza na mtu kuumwa, na jirani kusema fulani "atakuwa amemfanyia kitu". Neno likifika kwa msikilizaji wa tatu, "atakuwa" imekwisha kudondoka njiani, na aliyelianzisha hajulikani tena. Hilo linaniudhi kuliko aibu yangu yote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa "lazima atakuwa", usiyapeleke maneno hayo kwa jirani kabla hujamuuliza aliyeyasema: wewe umeona nini?