Sampuli Iliyokuja na Mwenyewe

Kazi nzuri ya fundi cherehani haikai kibandani kwake. Ikishapigwa pasi inavaliwa, inapanda daladala, inakwenda harusini Mbagala. Zinazobaki kwenye hengi ni zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: gauni la harusi iliyovunjika, suruali ya kijana aliyelipa kianzio akahamia Mwanza. Kwa hiyo karakana moja ya Kariakoo ilipotangaza inatafuta mafundi wa kushona sare za madereva, na kila mwombaji aje na sampuli pamoja na picha za kazi zake, nilitazama hengi zangu nikaona nina ushahidi wa kutosha kufukuzwa.

Picha ninazo, albamu nzima. Tatizo ni kwamba mpiga picha wa harusi hana habari na mshono, yeye anatafuta nyuso. Picha yangu ya fahari ni ya bibi harusi aliyevaa gauni nililokesha nalo usiku kucha, lakini mashangazi wamemkumbatia kushoto na kulia, na kinachoonekana vizuri ni vitenge vyao, vilivyoshonwa na fundi wa kibanda cha pili.

Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, niliyemshonea Kaunda suti ya kahawia. Nikaenda kuiazima.

“Mwanangu, suti hii siazimi,” akasema. “Ila mimi nikiwa ndani yake, naenda popote.”

Basi tukaenda wote. Kwenye daladala alipishwa kiti akakataa, akasimama mpaka Kariakoo ili asivunje pasi.

Msimamizi wa karakana alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, nikamkabidhi albamu, akaiweka juu ya meza na kuweka mkasi juu yake. “Baba, naomba koti,” akamwambia mzee. Alilipokea na kuligeuza ndani nje kabla sijamaliza kueleza. Hapo nikajua nimekutana na mtu wa kazi, maana kwa nje kila fundi ni hodari. Pasi ya moto inasitiri mengi.

Alianzia kwapani, pale mshono wa mkono unapokutana na wa ubavuni, akauvuta kwa mikono miwili. Uzi ukiwa umelegea, mshono unaachama na nyuzi zinaonekana katikati. Kisha akalaza futi juu ya mshono na kuhesabu kwa ncha ya sindano: mishono 10 katika inchi moja, yaani cherehani iliwekwa kati ya 2 na 3. Mishono mirefu hufumuka dereva anaponyoosha mkono, na ikibanana mno sindano hutoboa kitambaa kikachanika kwa mstari, kama tiketi.

Akabinya kola kidole kwa kidole. “Baba, imefuliwa mara ngapi?”

“Kila wiki, kwa sabuni ya mche. Na ninasugua.”

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gamu iliyobandikwa kwa pasi isiyopata moto haijulikani nguo ikiwa mpya. Ni baada ya kufuliwa ndipo kola inapofanya malengelenge. Wenzangu kwenye foleni walikuwa na sampuli zilizoshonwa jana yake. Nguo zao zilinukia upya, na kola zao hazikuwa na la kusema.

“Sasa suruali,” akasema mama.

“Suruali imefanyaje?” mzee akauliza.

Mama alitaka kuona akiba ya mshono wa nyuma. Dereva anakaa kutwa, ananenepa, na sare isiyo na nafasi ya kutanuliwa hurudi karakana ikiwa na malalamiko. Mzee akajificha nyuma ya majora ya vitambaa, suruali ikarushwa kwa juu. Mama akaigeuza, akanyamaza, akanitazama juu ya miwani. Kwenye mshono wa nyuma palikuwa na uzi mweupe, mishono imepinda.

“Fundi, nani kashona hapa?”

Nikageukia majora. Majora yakakohoa.

“Mwanangu, ulikuwa msibani Tanga,” sauti ikasema. “Na sikukuu ilikuwa imepita.”

Karakana nzima ilicheka mpaka vyerehani vikasimama. Mama akaushika ule mshono, akapima kitambaa kilichobaki pande zote mbili: zaidi ya nusu inchi kila upande, hata baada ya kutanuliwa. “Aliyetanua kaharibu,” akasema. “Aliyeacha nafasi ndiye ninayemtaka.”

Nikapewa suruali 12 za majaribio, malipo kwa kila suruali, na mkataba ukafuata. Albamu haikufunguliwa. Mzee alikaa nyuma ya majora mpaka nilipofumua ule uzi mweupe na kumshonea upya palepale, kwa uzi wa kahawia.