Jinsi ya Kumfanya Mvuvi wa Omena Asirudi Dukani Kwako

Fundi wa Kondele anayetaka kumwona mvuvi yuleyule kila wiki ana njia rahisi: adondoshe tone la lehemu juu ya waya uliochomoka, apulize lipoe haraka, adai pesa yake. Taa itawaka mezani, itawaka hadi ufukweni Dunga, kisha itazimika katikati ya ziwa. Na itazimika usiku usio na mwezi, kwa kuwa huo ndio usiku omena wanapoifuata taa vizuri. Ukitaka mteja huyo asirudi, soma.

Siku hizi karabai nyingi zimezipisha taa za LED za betri na sola. Ndani ya taa hizo, vijitaa hulehemiwa kwenye bamba la alumini linalovuta joto lisiviunguze. Bamba hilo halibagui. Joto la chuma chako cha kulehemu nalo linalivuta, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Lehemu huyeyuka kwenye ncha ya chuma ilhali shaba ya chini bado ni baridi, kwa hiyo tone hukaa juu kama mgeni asiyekaribishwa: limeviringika, kingo zake zimejikunja, halijashika kitu.

Dawa ni kulipasha bamba kabla. Wengi hugeuza pasi ya nguo juu chini na kulilaza bamba juu yake mpaka lifike nyuzi 100 hivi. Kisha tumia ncha pana, siyo ile iliyochongoka, maana ncha nyembamba haipitishi joto la kutosha.

Sasa lehemu yenyewe. Waya wa bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 183. Ule wa 60 kwa 40 hupitia hali ya uji kati ya 183 na 190 hivi, na ukitikisika katika uji huo kiungo huganda kikiwa na chembechembe. Usio na risasi, ule ulioandikwa SAC305, una bati, fedha asilimia 3 na shaba kidogo, nao huyeyuka kati ya 217 na 220. Ulaya ilizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, na viwanda vya dunia vikafuata, ndiyo sababu taa nyingi huja zikiwa na aina hii.

Kwa mkono na kwa bamba la alumini, mimi nachagua 63 kwa 37, chuma kikiwa kwenye nyuzi 350 hivi. Lakini usiyeyushie risasi juu ya lehemu ya kiwandani ukadhani umemaliza. Fyonza kwanza ile ya zamani kwa utepe wa shaba, ili ujue unachofanyia kazi. Moshi unaouona si risasi, ni flaksi, nao unakereketa mapafu, basi keti upepo ukipita. Risasi huingia mdomoni kupitia vidole, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kugusa ugali.

Flaksi iwe ya rosini. Ile ya asidi ya mafundi bomba husafisha ajabu, kisha hubaki ikila shaba kimyakimya, na unyevu wa ziwani unaisaidia. Rosini nayo ina muda wake. Ukishikilia chuma sekunde kumi inaungua yote, bati linapata kutu ya hewa, na unapoondoa chuma lehemu inavutika kuwa mkia. Sekunde tatu hadi tano zinatosha. Zikipita, ongeza flaksi badala ya kuongeza lehemu.

Kufifia kwa kiungo kusomwe kwa makini. Cha SAC305 hufifia hata kikiwa kizima, basi tazama umbo: lehemu imeteremka na kutandaa laini mpaka ukingoni? Kipo sawa. Cha risasi kikififia, ama kilitikiswa kikiganda, ama kilipoa kabla ya kushika, ama kiliungua. Hapo ongeza flaksi, kiyeyushe upya, usipulize.

Nyufa huja baadaye. Usiku taa inapata moto, alfajiri inapoa. Alumini hutanuka na kunywea zaidi kuliko kijitaa, na kiungo cha katikati ndicho kinachovutwa. Waya una kisa kingine: lehemu hupanda ndani ya nyuzi zake mpaka chini ya plastiki, unakuwa mgumu, kisha mawimbi yanaukunja palepale ugumu unapoishia. Ufunge kwenye kasha kwa kamba ya plastiki, sentimita mbili hivi kutoka kwenye kiungo, ili kiungo kisibebe uzito.

Kabla ya kuirudisha taa, iwashe nusu saa ipate joto, kisha ukiwa umeiwasha gonga kasha kwa mpini wa bisibisi na uuchezeshe waya. Ikipepesa, chukua kioo cha kukuzia utafute duara jembamba jeusi lililozunguka kiungo. Ukiliona, fyonza lehemu yote, uanze upya.