Kwa Kamishna Mkuu wa TRA: naomba kujua asilimia 10 ni ngapi

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: ASILIMIA 10 INAYOFIKA SAZA IKIWA NYINGINE

Huku Saza, wilayani Songwe, tunaheshimu sana vipimo. Dhahabu ikipungua pointi moja tu kwenye mizani, mnunuzi atahojiwa mpaka jua lizame. Ila zikija hesabu za asilimia, ghafla sote tunakuwa wakarimu. Nakupongeza basi kwa kutupatia kiwango ambacho kila mtu anakitaja sawasawa, na kila mtu anakikokotoa anavyojua.

Nazungumzia kodi ya zuio kwenye pango. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina mafumbo: mfanyabiashara aliyepanga frem anazuia asilimia 10 ya pango analolipa, anaileta kwenu, na mwenye frem anapokea kinachobaki. Pango likiwa shilingi 2,000,000 kwa mwaka, 200,000 ni zenu na 1,800,000 ni zake. Kodi imo ndani ya pango.

Mwenye frem wetu hana habari na mambo ya ndani. Yeye anasema: "Nataka milioni moja na laki nane, safi mkononi. Hayo ya TRA malizana nayo mwenyewe." Mpangaji, raia mwema, anatoa simu, anatafuta asilimia 10 ya 1,800,000 na kupata 180,000. Anamlipa mwenye frem, anawalipa ninyi, analala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Tumwamshe kidogo. Kodi aliyomlipia mwenye frem nayo ni sehemu ya pango, kwa kuwa deni hilo lilikuwa la mwenye frem. Jumla basi ametoa 1,980,000, na asilimia 10 yake ni 198,000. Akiongeza ili zitimie 198,000, jumla inapanda hadi 1,998,000 na kodi inakuwa 199,800. Akiifuata tena, inasogea tena, kila mara hatua fupi zaidi, mpaka inatulia kwenye jumla ya 2,000,000 na kodi ya 200,000. Labda huu ni mkakati wa Mamlaka wa kuinua somo la hisabati vijijini, na kama ndivyo, hongereni.

Asiyependa mbio hizo agawe 1,800,000 kwa 0.9. Kiasi anachobaki nacho mwenye frem ni asilimia 90 ya pango lote, hivyo kukigawa ndiko kunakolirudisha pango zima. Zile 200,000 ni asilimia 10 ya milioni mbili, lakini ukizipima kwa 1,800,000 ni asilimia 11.11. Fedha ni zilezile, kilichobadilika ni kiasi zinachopimiwa. Kujihakiki ni rahisi: toa asilimia 10 kwenye jumla uliyoipata, uone kama kinachobaki ndicho mlichokubaliana. Kwa 1,980,000 kinabaki 1,782,000, na mwenye frem atazidai zile 18,000 kabla hujafungua duka.

Kuna balaa jingine, nalo linakaa kwenye mkataba. Ukiandika "pango ni 1,800,000" bila kusema kwamba ni baada ya kodi, basi hilo ndilo pango zima. Kodi yake kweli ni 180,000, ila inatoka humohumo, na mwenye frem anastahili 1,620,000. Nenda kamwambie hivyo, ukiwa umeshafunga virago. Usipoizuia, sheria inakugeukia wewe mpangaji, maana kodi ambayo hukuizuia unadaiwa wewe.

Na kama vile hayo hayatoshi, mpangaji aliyesajiliwa VAT ana asilimia nyingine ukutani, 18, inayokwenda kinyume. Hiyo huongezwa juu ya bei. Pampu ya maji ya shilingi 100,000 inauzwa 118,000, na kodi iliyomo ni 18,000. Wapo wanaoikokotoa kwa kuchukua asilimia 18 ya 118,000, wanapata 21,240 na kuwazawadia 3,240 ambazo hamkuziomba. Sehemu sahihi ni 18 kwa 118, kama asilimia 15.25 ya bei aliyolipa mteja. Kodi mbili, alama moja, duka moja: moja inahesabiwa ndani, nyingine nje, na bango la ukutani limenyamaza.

Mheshimiwa, siombi kupunguziwa kiwango. Naomba mtoe mfano wa mkataba wa pango wenye mistari mitatu ya lazima: pango kabla ya kodi, kodi inayozuiwa, na kiasi atakachopokea mwenye nyumba. Na kila mnapoandika asilimia 10, mmalizie sentensi: asilimia 10 ya nini.

Wako katika kulipa,
Mpangaji wa frem, Saza.