Simu ya Mjerumani, Salio la Mdigo

Mgeni wa Diani akimaliza likizo huacha nyuma kandambili, mafuta ya jua na, akiwa mkarimu, simu yake kuukuu ya Android. Simu hiyo hukaa Ukunda lakini moyo wake uko Ujerumani. Mwenyewe mpya akipanda matatu ya Msambweni, ujumbe wa M-Pesa huchomoza kioo kikiwa kimefungwa, salio na yote, na abiria wa kando akashuka akijua wa kumkopa. Watu husema dawa ni rahisi: igeuze simu iwe ya Kiswahili. Ni kweli Android inacho Kiswahili, ila simu ni kama nyumba ya wapangaji. Ukimfundisha mmoja adabu, wengine hawajasikia. Kubadili lugha hugeuza maandishi ya menyu tu. Uamuzi wa nini kionekane kioo kikifungwa hubaki alivyouacha Mjerumani, na ujumbe wa M-Pesa nao hufuata lugha uliyochagua kwenye M-Pesa yenyewe.

Kwa hiyo anza na siri, lugha itafuata. Fungua alama ya gurudumu lenye meno, Einstellungen, kisha Benachrichtigungen, halafu utafute mstari wenye Sperrbildschirm. Hapo kwa kawaida kuna njia tatu: kuonyesha yote, kuficha yaliyomo, au kutoonyesha chochote. Usipoiona njia ya kuficha, pengine simu inafunguka kwa kutelezesha kidole tu; iwekee PIN kwanza, maana mlango usio na komeo hauna cha kuficha. Atakuja mjuaji aseme heri kuzima kila kitu. Lakini muuza madafu anayengoja malipo anahitaji kujua kwamba ujumbe umeingia, hata kama hataki jirani ausome. Njia ya katikati ndiyo inayomfaa.

Mpangaji mkaidi zaidi ni msaidizi wa sauti. Google Assistant ana lugha zake mwenyewe, mbali na za simu, na Kiswahili hakimo. Menyu zote zikishakuwa za Kiswahili, bado ukimwambia “mpigie mama” atasikiliza kwa masikio ya Kijerumani. Watu hubisha kwamba simu hiyohiyo huandika Kiswahili mtu akizungumza. Ni kweli, tangu 2017, lakini hiyo ni maikrofoni ya kibodi ya Google, inayoandika maneno bila kutii amri. Assistant mwekee Kiingereza kwenye mipangilio yake, au umzime kabisa.

Ushahidi hauhitaji fundi. Funga simu, iweke mezani, mwombe mtu akutumie shilingi 10 kwa M-Pesa; kiasi hicho hakina ada. Ukiona kumeingia ujumbe bila kusoma kilichomo, umefaulu. Ukiliona salio, rudi kwenye Sperrbildschirm, na shilingi 10 za watu uzirudishe.