Namna ya Kumnyima Mzee Siku 90 Akaondoka Anacheka

Mteja wako wa miaka 11, mzee mwenye duka la mbegu na madawa kijijini, huchukua mali kauli ya shilingi 1,200,000 kwako Nangara na kulipa ndani ya siku 30. Leo ameomba siku 90, mpaka mbaazi zitoke. Rasimu yako ya kwanza inasema: "Kwa mujibu wa utaratibu wetu, ombi lako limekataliwa." Ifute. Utaratibu wenyewe ni daftari la madeni, na mzee ndiye aliyelimwagia chai.

Piga hesabu kabla hujaandika upya. Mzigo huo unakupa faida ya 96,000. Fedha ikirudi kila siku 30, inazunguka mara tatu, unapata 288,000. Ikilala shambani siku 90, unabaki na 96,000 ileile, huku mwenye jumla wa Arusha akidai chake mwisho wa mwezi. Hesabu hii usimwonyeshe mzee. Akiijua faida yako, ataomba ipungue.

Wala usimuulize mbaazi zikishuka bei itakuwaje. Anaukumbuka mwaka 2017, India ilipobana uagizaji, kukushinda wewe.

Sasa anza na shikamoo. Uliza mvua, uliza ng'ombe. Basi. Salamu ikizidi hapo, atadhani kuna msiba.

Neno la kukataa liwe moja, wala usiliachie upenyo. "Tutaona" maana yake ndiyo. "Kwa sasa hali ngumu" maana yake njoo Jumatatu. "Ngoja niongee na bosi" ndiyo mbaya kuliko zote, kwani bosi ni wewe, na mzee alikuwepo siku unafungua duka. Andika hivi: "Mzee wangu, siku 90 sitaziweza. Mali naichukua Arusha kwa siku 30, hizo 60 zinazobaki sina pa kuzitoa." Hapo umezikataa siku, yeye hujamgusa. Usitolee mfano mteja aliyekukimbia na deni. Huenda ni shemeji yake.

Halafu mpe jambo unaloliweza: achukue nusu ya mzigo kwa siku 30 zilezile, akimaliza kulipa achukue nusu ya pili. Rafu zake hazitakauka, na deni halitapita 600,000. Taja tarehe kamili, usiandike "ukipata". Hiyo haimo kwenye kalenda.

Tuma. Hatajibu. Kesho asubuhi atafika mwenyewe na mkungu wa ndizi, akae juu ya mfuko wa mbolea, akwambie: "Mwanangu, ujumbe nimeuona. Umeandika vizuri sana." Mwagizie chai, lisogeze daftari mbali na kikombe, kisha andika, kwa herufi ndogo: siku 60.