Kuni Zangu na Misuli ya Mpwa Wangu

Kuni za nyumbani kwangu Chinongwe siku hizi hazipiki ugali, zinapika mchezaji. Mpwa wangu anaota kuichezea Namungo ya Ruangwa, na kocha wake wa mtaani kamwambia kila akitoka mazoezini ajifukize, eti asidi itoke kwenye misuli. Basi kila jioni anajifunika gubigubi na nyungu ya mwarobaini. Wafini wana sauna, chumba cha mbao chenye joto la nyuzi 80 hadi 100. Sisi tuna blanketi langu.

Hiyo asidi huondoka yenyewe kwa saa moja hivi, hata ukikaa tu chini ya mkorosho. Maumivu ya kesho na keshokutwa ni ya michaniko midogo ndani ya misuli, na jasho halishoni. Ila joto lina faida yake: mishipa ya damu hutanuka, misuli hulegea, usingizi huja. Tena kuna wakimbiaji waliopimwa Ulaya, wakakaa kwenye maji ya nyuzi 40 kwa dakika 40 baada ya mazoezi, siku 6 mfululizo, na baadaye wakakimbia vizuri zaidi kwenye joto. Sasa mtu anayecheza Chinongwe mwezi wa Novemba anafundishwa joto la nini?

"Basi mjomba, nitaoga maji ya moto."

Nikampigia hesabu. Lita 4 zilizochemka ukichanganya na 16 za kisimani, unapata ndoo ya nyuzi 40 na ushei. Kwa kujimwagia, inatosha. Lakini wale wakimbiaji walizama mpaka shingoni, na pipa la lita 200 linataka lita 40 za kuchemsha. Akanyamaza, maana kuni hakati yeye.

Juzi katoka blanketini akasimama ghafla, akaangukia kichanja cha vyombo. Mazoezi yalishamkausha maji, joto likavutia damu kwenye ngozi, presha ikashuka, miguu ikamwachia. Watu walimpa pole yeye. Sahani zangu hakuna aliyezilia. Angekunywa maji kwanza, akapumzika kidogo, akajifukiza dakika 10 tu, kisha akakaa kitako kabla ya kunyanyuka, tungekuwa na vyombo.

Naye sasa kageuza ua wangu zahanati. Beki kaja na kifundo kilichoteguka asubuhi hiyo hiyo. Nikamfukuza, maana siku mbili za mwanzo joto huzidisha uvimbe. Mshambuliaji kaja akinuka uraka. Pombe na joto vyote hushusha presha, naye nikamfukuza. Jirani mjamzito nilimrudisha kwa adabu, kwa sababu mwili ukipanda joto sana, hasa miezi ya mwanzo, mtoto anaweza kudhurika. Mwenye homa asijaribu, wala aliyepata mshtuko wa moyo karibuni. Anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza.

Waliobaki, wazima wa afya, ruksa kujifukiza. Ila kila mtu aje na kuni zake.